Jibu la Kwanza kwa Mteja Anayelalamikia Ankara ya Maji

"Lalamiko lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Asante kwa kuwa mteja wetu." Ukikaa dirisha la huduma kwa wateja katika mamlaka ya maji, meseji hii utaiona ikitumwa kutwa nzima. Saa mbili baadaye mteja yuleyule yuko kwenye simu. Linafanyiwa kazi na nani? Nitajibiwa lini? Na vijana wenu wa kukata wakija kesho je? Hana kosa, maana meseji haikumwambia hata kimoja kati ya hivyo.

Mwongozo huu unahusu jibu hilo la kwanza peke yake, lile linalotoka siku ileile lalamiko linapoingia. Kutatua lalamiko ni kazi nyingine, inakuja baadaye. Nimechukua lalamiko la ankara iliyopanda ghafla kwa sababu ndilo linalojaza madirisha kila mwisho wa mwezi, na kwa sababu uchunguzi wake una hatua zinazojulikana ambazo mteja anaweza kuelezwa kabla hazijaanza. Wenzetu wa Kenya wasome "mita" na "bili" pale ninapoandika dira na ankara. Kazi ni ileile.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Ni Jumatatu tarehe 13 Aprili, asubuhi. Anaingia mama wa makamo, tumwite Bi. Zuhura, ankara ya Machi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hebu nitazamie, hii ankara ni ya kwangu kweli?"

Ankara inasema usomaji uliopita ni 412, usomaji wa sasa uliochukuliwa tarehe 28 Machi ni 476. Uniti 64. Kwa kawaida nyumba yake hutumia uniti 14 hivi kwa mwezi. Tuseme bei ni shilingi 1,500 kwa uniti, ili hesabu iwe rahisi: mama aliyezoea kulipa 21,000 anadaiwa 96,000.

Hatua ya 1: Pata namba ya simu, na jua anachoogopa

Namba ya akaunti, mwezi wa ankara na kiasi anachobishia utavipata bila shida, vimeandikwa kwenye karatasi aliyoshika. Vitu viwili havijaandikwa popote, na hivyo ndivyo vinavyoharibu jibu la kwanza.

Cha kwanza ni simu. Akaunti nyingi zina jina la mwenye nyumba, na namba ya simu iliyoko kwenye mfumo ni ya mwenye nyumba, au ya marehemu baba yake, au laini iliyopotea zamani. Mpangaji analalamika, jibu linakwenda kwa mtu aliye mkoa mwingine. Kwa hiyo usiulize "namba yako ni ileile?" Uliza hivi: "Jibu nilitume namba gani, na nani atakuwa nyumbani fundi akija?" Andika zote mbili kwenye lalamiko lenyewe, hata kama huna ruhusa ya kubadili taarifa za akaunti. Kama anayelalamika si mwenye akaunti, muulize pia ni nani kwenye nyumba hiyo, ili fundi akifika asikute mlango umefungwa na mtu anayesema hajui habari za dira.

Cha pili ni hofu yake. Mteja atazungumza sana juu ya uniti, lakini ukimsikiliza vizuri utakuta swali lililo chini ni moja: nitakatiwa maji? Mwenye mgahawa, mwenye kituo cha kulelea watoto, mwenye mgonjwa nyumbani, wote wanauliza hilohilo kwa maneno tofauti. Jibu la kwanza lisilogusa ukataji halijajibu kitu, hata likiwa na namba ya lalamiko na nembo ya mamlaka juu yake.

Kabla ya kuendelea, mrudishie lalamiko lake kwa sentensi moja: "Kwa hiyo mama, unasema ankara ya Machi ina uniti 64 wakati kawaida yako ni 14 hivi, na hakuna kilichobadilika nyumbani." Muache akusahihishe. Mara nyingi hapa ndipo linapotokea la maana, kwamba kulikuwa na mafundi wa ujenzi wiki mbili, au kwamba dira ilibadilishwa Februari.

Hatua ya 2: Dakika tano kwenye mfumo

Usiandike jibu kabla ya kutazama historia ya usomaji. Si uchunguzi kamili, ni kutazama tu ili usimweleze mteja uchunguzi wa kitu ambacho tayari kinaonekana.

Tazama kama miezi iliyopita ilisomwa kweli au ilikadiriwa. Msoma dira akikuta geti limefungwa, ankara hutoka kwa makadirio, na mwezi anapofanikiwa kusoma, uniti zote zilizokuwa zimejificha zinatoka kwa mkupuo. Hapo ankara ni kubwa lakini si ya mwezi mmoja, na maelezo yako ya kwanza lazima yawe tofauti kabisa. Tazama pia kama msoma dira alipiga picha, na picha inasoma nini. Tarakimu 2 na 7 hufanana kwenye kioo chenye tope. Usomaji wa 426 ukiandikwa 476, umetengeneza uniti 50 zisizokuwepo.

Kwa Bi. Zuhura, miezi yote sita ilisomwa, hakuna makadirio. Picha ya tarehe 28 Machi ipo ila ina ukungu: 4, kisha tarakimu isiyosomeka vizuri, kisha 6.

Sasa muombe kitu ambacho wengi wetu hatuombi, picha ya dira ya leo. Ampigie mtu aliye nyumbani, apige picha, aitume. Ikija inasoma pungufu ya 476, usomaji wetu ulikosewa, na unaweza kumwambia hapohapo kwamba ankara inarudi kusahihishwa. Picha ya Bi. Zuhura inakuja baada ya dakika kumi. Inasoma 511.

Fanya hesabu mbele yake. Kutoka 476 hadi 511 ni uniti 35, kwa siku 16. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ni kama lita 2,190 kwa siku, wakati kawaida yake ya uniti 14 kwa mwezi ni kama lita 470. Kwa maneno mengine, Aprili inakwenda kwa mwendo uleule wa Machi. Tarakimu ya katikati kwenye ile picha yenye ukungu karibu hakika ni 7. Usomaji haukukosewa. Kuna kitu kinaizungusha dira hadi sasa hivi tunavyozungumza, na yawezekana ni maji yanayovuja, au upepo kwenye bomba baada ya mgao, au dira yenyewe.

Unaona namna dakika tano zilivyobadilisha jibu. Ungeandika "tutahakiki usomaji wako", ungemwahidi uchunguzi ambao tayari umeisha, na wakati huo maji yanaendelea kumwagika kwa gharama yake.

Hatua ya 3: Simamisha ukataji kwanza, ndipo uandike

Huu ndio mpangilio ninaoushikilia kuliko mwingine wowote. Neno "hutakatiwa" lisiingie kwenye meseji kabla zuio halijaingia kwenye mfumo, na kabla kiongozi wa timu ya ukataji hajajua. Timu hiyo mara nyingi hutembea na orodha iliyochapwa asubuhi. Ukiweka zuio saa 5, jina la Bi. Zuhura bado liko kwenye karatasi iliyoko mfukoni mwa kijana aliye kwenye bodaboda. Piga simu. Mteja aliyeandikiwa kwamba hatakatiwa kisha akakatiwa siku inayofuata hatasikiliza tena maelezo ya dira, hata yakiwa ya kweli.

Jua pia mapema sera ya ofisi yako juu ya deni linalobishaniwa. Je, ankara nzima inasimama hadi uchunguzi uishe, au mteja analipa wastani wake na kiasi cha ziada ndicho kinachosimama? Ofisi hutofautiana. Kwa mfano wetu tuchukue ya pili: Bi. Zuhura atalipa 21,000 za uniti 14 zake za kawaida, na 75,000 zilizobaki zitasubiri. Kama hujui sera, muulize meneja kabla ya kufungua mdomo. Usimwambie mteja "we lipa tu halafu tutakurudishia".

Hatua ya 4: Tafuta tarehe kwenye ratiba ya fundi

Tarehe ya jibu hutungwa vibaya kwa namna mbili. Kuna anayesema "ndani ya saa 24" ili mteja aondoke ametulia, na kuna anayenakili siku zilizoandikwa kwenye mkataba wa huduma kwa wateja bila kutazama kitu kingine. Mkataba ule ni ukomo. Usivuke siku zake, lakini tarehe ya mteja huyu inatoka kwenye kazi halisi itakayofanyika kwake.

Kwa hiyo mpigie msimamizi wa mafundi wa eneo. Anasema fundi yuko mtaa wa Bi. Zuhura Alhamisi. Ukaguzi wenyewe ni kama saa moja, ripoti inaingia ofisini Ijumaa, na anayeidhinisha marekebisho ya ankara anasoma ripoti Jumatatu asubuhi. Jibu basi ni Jumatatu tarehe 20 Aprili, jioni. Ukitaka kujipa nafasi, ongeza siku moja hapa, wakati mteja bado hajaambiwa tarehe.

Mwambie mteja jina la siku na tarehe yake. "Siku 5 za kazi" humwachia yeye hesabu ya Jumamosi na sikukuu, na Aprili ya Tanzania ina Karume tarehe 7, Muungano tarehe 26, na mara nyingi Pasaka iko humohumo.

Halafu kuna saa. Mifumo mingi ya meseji huandika saa kwa namna ya kompyuta, na meseji inatoka "fundi atafika saa 9:00". Mteja anasoma saa tisa, anapanga kuwepo alasiri. Fundi anafika saa tatu asubuhi, anakuta kufuli, anaandika "mteja hakuwepo", na lalamiko linarudi nyuma wiki nzima. Andika "saa 3 asubuhi", na kama mfumo haukuruhusu kubadili, ongeza neno "asubuhi" kwa mkono.

Hatua ya 5: Mweleze uchunguzi kwa vitu atakavyoviona

"Timu ya kiufundi itafanya uchunguzi wa kina" ni maneno ya kujificha. Mteja hawezi kujua kama umefanyika au la. Mweleze kile fundi atakachofanya mbele yake, kwa mpangilio wake, na kila jibu litaamua nini. Uchunguzi wa dira unaeleweka na yeyote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuficha.

Fundi ataanza kwa kusoma dira pamoja na mteja, na kulinganisha namba ya dira na ile iliyo kwenye akaunti, maana kuna nyumba za jirani ambazo dira zao zilipishana tangu siku ya kufungwa. Kisha atafunga bomba zote ndani ya nyumba na kutazama kinyota, kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa dira kinachozunguka hata kwa mtiririko mdogo. Kila kitu kimefungwa na kinyota bado kinazunguka taratibu: kuna maji yanapita. Ataacha hivyo dakika kumi na kuangalia tarakimu nyekundu, zile za lita. Zikisogea 12, ni lita 1.2 kwa dakika.

Lita moja kwa dakika inaonekana kama si kitu, ni bomba lililoachwa likitiririka uzi mwembamba. Lakini siku ina dakika 1,440. Ni lita 1,440 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 43. Ziada ya Bi. Zuhura ni uniti 50 kwa mwezi, kwa hiyo uvujaji wa lita 1.2 hivi kwa dakika ungetosha kuieleza yote. Mwonyeshe hesabu hii hapohapo dirishani. Wateja wengi hudhani uvujaji wa uniti 50 lazima uonekane kama mto uani, ndiyo maana huapa kwamba nyumbani hakuna kinachovuja. Kiungo cha bomba kilichofukiwa chini ya mchanga kinaweza kunywesha ardhi miezi bila tone kuonekana juu.

Kinyota kikisimama kabisa bomba zikiwa zimefungwa, fundi anageukia dira yenyewe. Kwenye bomba la kwanza baada ya dira atajaza ndoo ya lita 20 na kuona tarakimu nyekundu zimesogea ngapi. Zikisogea 20 hivi, dira haina tatizo kubwa. Zikisogea 30, dira inang'olewa na kwenda kupimwa. Ndoo si kipimo cha kisheria. Tanzania uhakiki wa dira ni kazi ya Wakala wa Vipimo, wenye kituo cha kuhakiki dira za maji Misugusugu, mkoani Pwani. Mwambie mteja mapema kwamba ikifikia hapo, tarehe itabadilika na ataambiwa mpya, kwa sababu dira itasafiri na kusubiri zamu.

Na kuna upepo. Maeneo yenye mgao, maji yanaporudi husukuma hewa iliyojaa kwenye bomba, na hewa hiyo huzungusha dira. Huu ni ugumu wa kweli, kwa sababu fundi akija siku ambayo maji yapo hataona kitu. Kama mteja anaishi kwenye mgao, muulize siku na saa maji yanaporudi, uiandike kwenye lalamiko, na umwombe apige picha ya dira usiku wa kuamkia siku ya maji na tena dakika chache baada ya bomba kuanza kukohoa, kabla hajachota.

Sehemu inayowatia watu uoga ni kumwambia mteja matokeo yasiyompendeza. Mwambie leo. Mabomba baada ya dira kwa kawaida ni ya mteja, na maji yaliyovuja huko yamepita kwenye dira. Kama ofisi yako ina nafuu kwa uvujaji uliojificha, sema ipo na masharti yake. Usiahidi kiasi, wala usiseme "usijali, itapunguzwa tu". Mpe pole ya usumbufu bila kukiri kosa ambalo bado hujaliona, na bila kumhukumu. Swali la "mna watu wangapi nyumbani, mama?" likitoka kwa sauti mbaya ni hukumu tayari.

Kabla hajaondoka, mpe kitu cha kufanya kuanzia leo. Kwa Bi. Zuhura ni kufunga koki ya dira usiku watu wakilala, saa 4 hadi saa 11 alfajiri, na kupiga picha ya dira kabla ya kufunga. Saa saba bila maji kupita ni kama lita 500 zilizookolewa kila usiku kama kweli kuna uvujaji. Muhimu zaidi, ni uamuzi wa kulinda pochi yake usiosubiri Alhamisi.

Hatua ya 6: Andika

Yote uliyomweleza dirishani atasahau nusu akifika stendi. Kwa hiyo anaondoka na maandishi, hata kama alikuja mwenyewe. Aliyepiga simu anaandikiwa kabla hujapokea simu inayofuata. Aliyeandika wasap ndani ya saa za kazi anajibiwa ndani ya saa hiyo, na wa usiku anakutwa na jibu asubuhi ofisi ikifunguliwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10002, kinachohusu kushughulikia malalamiko, nacho kinataka mlalamikaji ajulishwe papo hapo kwamba lalamiko limefika.

Meseji ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Zinatosha:

> Lalamiko L-0417: ankara ya Machi, uniti 64, akaunti inayoishia 382. Fundi atafika Alh 16/4 saa 3-5 asb. Jibu Jtatu 20/4. Hutakatiwa maji kabla ya hapo.

Hakuna salamu wala shukrani, kwa makusudi. Salamu alishapewa dirishani. Jambo dogo la kiufundi: ukinakili meseji kutoka kwenye hati ya kompyuta, angalia alama ya king'ong'o katika maneno kama "kung'oa". Ile iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe, hubadilisha mfumo wa herufi, na meseji inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Utalipia mbili au tatu na baadhi ya simu za zamani zitaionyesha vipandevipande. Tumia ile iliyonyooka.

Kwa wasap, au kwa karatasi ya kuchukua, kuna nafasi zaidi:

> Bi. Zuhura, tumepokea lalamiko lako leo Jumatatu 13 Aprili. Namba yake ni L-0417.
>
> Unasema ankara ya Machi ina uniti 64 wakati kawaida yako ni 14 hivi, na matumizi ya nyumbani hayajabadilika. Pole kwa usumbufu.
>
> Picha uliyotuma leo inasoma 511. Inaonyesha dira bado inakwenda kwa kasi ya Machi, kwa hiyo tunachunguza mambo mawili: kama kuna maji yanayovuja baada ya dira, na kama dira ni nzima.
>
> Fundi atafika Alhamisi 16 Aprili, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Atakuja na kitambulisho na hatakuomba malipo yoyote. Anahitaji mtu mzima awepo na bomba zote zifungwe kwa dakika kumi.
>
> Jibu utalipata Jumatatu 20 Aprili, kabla ya saa 10 jioni, kwa namba hii. Kama siku hiyo uchunguzi haujaisha, nitakuandikia pia kukueleza umefikia wapi.
>
> Hadi utakapopata jibu, maji hayatakatwa. Tunaomba ulipe shilingi 21,000 za matumizi yako ya kawaida. 75,000 zilizobaki zinasubiri uchunguzi. Funga koki ya dira usiku ili kupunguza hasara kama kuna uvujaji.
>
> Ukiwa na swali, taja L-0417.

Chini yake weka jina la kwanza la afisa na simu ya dawati. Sentensi ya kitambulisho na malipo usiiondoe. Mteja anapojua kuna fundi anakuja, matapeli na hata baadhi ya watu wetu hupata nafasi ya kuomba "ya maji ya kunywa". Sentensi moja inawafungia mlango.

Sijaweka humo habari za kwenda EWURA, au WASREB kwa walio Kenya. Mteja ana haki ya kujua kwamba mdhibiti yupo, na jibu la mwisho lazima liseme hivyo kama hakuridhika. Akiuliza leo, mwambie leo. Lakini kuiweka kwenye mistari ya kwanza kabla hamjachunguza kitu inasomeka kama umeshamfukuza.

Lalamiko likija hadharani, kwenye ukurasa wa mamlaka au kundi la mtaa, jibu hadharani kwa mstari mmoja kwamba limeonekana na umemwandikia pembeni. Namba ya akaunti, deni na siku ya fundi visitajwe mbele ya watu.

Hatua ya 7: Tarehe uliyotoa

Andika L-0417 kwenye orodha ya tarehe 20, na pia kwenye orodha ya tarehe 17, siku moja baada ya fundi. Ile ya 17 ndiyo inayookoa. Ukifungua lalamiko Ijumaa na ripoti haipo, bado una muda wa kumpigia msimamizi. Ukigundua Jumatatu jioni, umeshachelewa.

Bi. Zuhura akipiga simu Jumatano, usimfungulie lalamiko jipya. Lalamiko moja likipata namba tatu, linakwenda kwa maafisa watatu, na kila mmoja anadhani mwenzake analo. Mwandikie chini ya namba ileile, na jiulize kwa nini alipiga. Simu za "imefikia wapi?" zinazoingia kabla ya tarehe zinaonyesha kwamba jibu la kwanza liliacha kitu nje. Zikikusanywa kwa wiki chache zitakuonyesha ni kitu gani. Kwa kawaida ni ukataji au saa ya fundi.

Kwa mfano wetu, fundi alifika Alhamisi, kinyota kilizunguka bomba zote zikiwa zimefungwa, na tarakimu nyekundu zilisogea 12 kwa dakika kumi. Alipofunga valvu ya bomba linalokwenda kwenye tanki la juu, kinyota kilisimama. Uvujaji uko kati ya dira na tanki, chini ya ardhi. Lakini anayeidhinisha nafuu amesafiri, na Jumatatu jioni hakuna uamuzi. Tarehe imefika, jibu halijafika. Unaandika hivi, kabla ya saa 10:

> Bi. Zuhura, L-0417. Fundi amekuta uvujaji kwenye bomba la kwenda tanki, baada ya dira; lita 12 kwa dakika kumi. Dira haikuonyesha kasoro. Unaweza kuanza kutengeneza bomba sasa, tunza risiti na piga picha kabla ya kufukia. Ombi la nafuu kwa 75,000 halijaamuliwa. Utajibiwa Alhamisi 23 Aprili, kabla ya saa 10 jioni. Zuio la kukata limeongezwa hadi siku hiyo.

Kisha unaweka zuio hilo kwenye mfumo hadi tarehe 23 kabla ya kubonyeza kutuma, na unapiga ile simu ya timu ya ukataji kwa mara ya pili.